Their, there au they're? Jinsi ya kuchagua tahajia sahihi bila kubahatisha (mwongozo kamili)

Kazi nyingi za Kiingereza ninazoletewa hapa Mtwara nizipitie, barua za kuomba kazi, maelezo ya vijana wanaotembeza wageni Mikindani, meseji za watu wa korosho kwenda kwa wanunuzi wa nje, zinakwama sehemu moja ileile. Mtu sentensi kaijenga vizuri, akiisoma kwa sauti humkosoi popote, ila ukishika karatasi unakuta kaandika *Their are many buyers*. Kusema anajua, tatizo ni herufi tu.

Alafu ukimwambia "hiyo ni ya umiliki, hiyo ni ya mahali" anaitikia vizuri kabisa, na wiki ijayo analeta kosa lilelile, kwa sababu kaambiwa majina ya makundi, hajapewa njia ya kulikamata neno pale linapomtatiza. Sasa hapa naweka njia yenyewe, hatua kwa hatua. Ni ya mtu ambaye sentensi anayo tayari kichwani, anajua anachotaka kusema, kabaki na swali moja tu la kwamba niandike *their*, *there* au *they're*.

## Vitu vya kuwa navyo

- Sentensi yako nzima ya Kiingereza, kuanzia herufi kubwa mpaka nukta. Kipande cha sentensi hakitoshi na utaona kwa nini kwenye hatua ya 3.
- Sentensi hiyohiyo kwa Kiswahili, vile ambavyo ungemwambia mtu wa nyumbani.
- Kalamu na karatasi. Hata kama unaandikia simu, mara za mwanzo fanya kwa mkono.
- Kama kazi ni ndefu na ipo kwenye kompyuta, hiyo kompyuta yenyewe kwa ajili ya hatua ya mwisho.

## Hatua ya 1: Acha kulisikiliza neno, weka pengo

Mahali neno linapotatiza usiandike chochote, chora mstari tu, hivi: *_____ are many buyers.*

Sababu ni kwamba haya maneno matatu yanatamkwa sawa, yote yanatoka kama "dhea", kwahiyo ukilirudia neno kwa sauti hata mara ishirini sikio halitakupa jibu maana halina kitu cha kutofautisha. Ndo maana hata Waingereza wenyewe wanalikosea hili wakiandika haraka. Mtu anayelirudia rudia neno kichwani mwisho wake anaandika lile alilolizoea, na wengi waliozoea *their* wanaliweka kila mahali.

Pengo linakulazimisha uangalie maneno yaliyo pembeni, na ushahidi wote upo huko pembeni.

Umefanikiwa kama ukiitazama sentensi unaona pengo na wala hujaanza kubishana na herufi.

## Hatua ya 2: Iseme kwa Kiswahili

Hapa sisi tuna bahati ambayo mtoto wa London hana. Kiswahili kimeyatenganisha haya mambo matatu mbali kabisa:

*Their* kwetu ni -ao inayokuja baada ya jina: nyumba yao, kijiji chao, shamba lao, magunia yao, korosho zao, vitabu vyao.

*There* kwetu ni pale, hapo, kule, huko, mle, au ni kuna inayoanzisha habari mpya: kuna wanunuzi wengi, kulikuwa na mvua.

*They're* kwetu ni sentensi iliyokwisha anza, kuna watu au vitu vilivyotajwa tayari na sasa unasema wanafanya nini, wakoje au wako wapi: wananunua, wamechoka, wako njiani, wao ni walimu.

Kwahiyo sema sentensi yako kwa Kiswahili na uweke duara kwenye sehemu inayobeba maana ya lile pengo. *_____ are many buyers* ni "Kuna wanunuzi wengi", duara linakaa kwenye kuna, hiyo ni *there*. Imeisha.

Ila ningekuwa nawadanganya nikisema mambo yote yanaisha hapo. Kuna sehemu tatu ambazo Kiswahili chetu chenyewe kinatutega na wengi wanaanguka humo, nazo zinahitaji nafasi yake.

### Mtego wa "wao"

Angalia hizi mbili:

Wao wako shule.
Watoto wao wako shule.

Neno ni *wao* kote kote, lakini ya kwanza ni *They're at school* na ya pili ni *Their children are at school*. Mtu akitafsiri neno peke yake bila kuangalia lilipokaa anachanganyikiwa, na ana haki ya kuchanganyikiwa.

Dawa yake ni nafasi. *Wao* iliyosimama peke yake, haina jina la kitu kinachomilikiwa kabla yake, hiyo ni *they*, kwahiyo *they're*. *Wao* iliyofuata nyuma ya jina, watoto wao, walimu wao, wazee wao, hiyo ni umiliki, kwahiyo *their*. Alafu kumbuka Kiingereza kinageuza mpangilio, sisi tunasema watoto kwanza ndo wao, wenzetu *their* inatangulia na *children* inafuata. Kwahiyo kwenye sentensi ya Kiingereza mmiliki mtafute mbele ya kile kitu chake.

### Mtego wa "wapo" na "zipo"

Huu ndo unaosumbua zaidi na sijaona ukielezwa vya kutosha.

Wapo nyumbani.
Wapo watu wanaouza kangomba.

Zote zinaanza na wapo, na kangomba ni kule kuuza korosho kwa walanguzi nje ya utaratibu rasmi. Ya kwanza ni *They're at home*. Ya pili ni *There are people who sell that way*. Mtu anaona ile wa- anasema hawa ni watu, basi ni *they're*, anaandika *They're people who...* na maana inageuka kabisa, inakuwa kama anawatambulisha watu fulani tunaowajua tayari.

Jiulize hivi: hao watu wametajwa nyuma, au ndo wanatajwa sasa hivi kwa mara ya kwanza? Kama wametajwa nyuma na sasa unaendelea na habari zao, ni *they're*. Kama ndo wanaingia kwenye habari, na jina lao linafuata palepale baada ya wapo, ni *there*. Njia ya haraka: jaribu kubadilisha wapo iwe kuna. "Kuna watu wanaouza kangomba" inakubali, kwahiyo *there*. "Kuna nyumbani" haikubali, kwahiyo *they're*.

Vitu navyo ni vilevile. Mnunuzi akiuliza korosho ziko wapi ukamjibu "Zipo ghalani", hizo korosho keshazitaja yeye, jibu ni *They're in the warehouse*. Ukimwanzishia wewe habari kwamba "Zipo korosho ghalani", hapo ni *There are cashews in the warehouse*. Na usitafute wa- peke yake, *they* ya Kiingereza inabeba watu na vitu vyote vya wingi, kwahiyo kwetu inaweza kuja kama wa-, zi-, vi-, ya- au i- kutegemea ngeli.

### Mtego wa "chake"

Kila mwanachama alete kitabu chake.

Hapa hakuna -ao hata moja, ila Kiingereza cha siku hizi kinasema *Every member should bring their book*. Kwa sababu *every member* anaweza kuwa mwanaume au mwanamke, Kiingereza kinakwepa kuchagua kati ya *his* na *her*, kinachukua *their* kwa mtu mmoja. Kwahiyo ukiona kila mtu, yeyote, mtu fulani asiyejulikana, alafu kitu ni chake, lake, yake, jua hiyo sauti ya "dhea" ni *their*. Watu wanaitilia shaka kwa sababu mmiliki ni mmoja alafu wanahamia *there*, ambayo haina namna yoyote ya kuingia hapo.

Umefanikiwa hatua ya 2 kama una duara moja kwenye sentensi ya Kiswahili na una jibu la muda. Nasema la muda kwa sababu bado tunalipima.

## Hatua ya 3: Pima *they are* kwanza

Bila kujali jibu ulilopata, anza na kipimo hiki maana ndo chepesi kuliko vyote. *They're* ni *they are* zilizobanwa, basi. Ile alama ya ritifaa imesimama mahali ambapo herufi *a* imeondolewa. Kwetu ritifaa tunayoijua, ile ya ng'ombe na ng'ambo, inaonyesha sauti, ya kwao hapa inaonyesha herufi iliyotoka. Kwahiyo kokote *they're* inapokubali, *they are* nzima nayo lazima ikubali.

Jaza *they are* kwenye pengo na usome mpaka nukta.

Nasisitiza mpaka nukta kwa sababu ya sentensi kama hizi mbili:

*_____ buying at a low price.*
*_____ buying price is low.*

Ukisoma maneno matatu tu ya kwanza, *they are buying* inakubali kote, na wengi wanaishia hapo wanaandika *they're* zote mbili. Endelea kusoma. *They are buying at a low price* inafika mwisho salama: wananunua kwa bei ya chini. *They are buying price is low* inavunjika, ulimi wenyewe unakataa, sentensi ina vitenzi viwili vinavyogombana. Hiyo ya pili ni "bei yao ya kununulia iko chini", umiliki, *their*. Maneno yanayoishia na *-ing* ndo yanadanganya hivi, *buying*, *training*, *meeting*, *building*, maana yanaweza kuwa kitenzi au jina. Ukiyaona baada ya pengo punguza mwendo.

Kipimo hiki kinakamata pia *They're are many buyers*. Ukiifungua inakuwa *they are are many buyers*, *are* mbili zimefuatana, kosa linaonekana lenyewe.

Tahadhari moja. *They're* haikai mwishoni mwa sentensi wala kwenye jibu fupi. *I don't know where they are* ni sahihi, *I don't know where they're* siyo, hata kama kwa kufungua maana ni ileile. Wakibana lazima kuwe na neno linalofuata la kubeba sauti. Ukiulizwa *Are they ready?* unajibu *Yes, they are*.

Umefanikiwa kama *they are* imefika kwenye nukta bila kukwama, hapo andika *they're* na uruke hatua ya 4 na ya 5. Kama imekwama, futa kabisa *they're* kwenye mawazo yako, umebaki na mbili.

## Hatua ya 4: Pima *our*

Sasa jaza *our*, yani -etu. Kama sentensi bado imesimama, hata kama mwenye mali kabadilika, jibu ni *their*.

*_____ buying price is low.* Our buying price is low. Imesimama. *Their*.
*_____ are many buyers.* Our are many buyers. Imeanguka. Siyo *their*.
*Every member should bring _____ book.* Our book. Imesimama. *Their*.

Nimependa *our* kuliko ile ya kutafuta "nani mwenye" kwa sababu haijali kama kwa Kiswahili imekuja yao, zao au chake, na haijali maneno yaliyoingia katikati. *_____ very old wooden boat*, mashua yao ya mbao ya zamani sana, jina lenyewe *boat* liko mbali na pengo na mtu anaweza kudhani hakuna kitu kinachomilikiwa. Weka *our*: our very old wooden boat. Inakaa vizuri.

Umefanikiwa kama umepata ndiyo au hapana isiyo na mjadala. Ukijikuta unasema "kama inakubali hivi", rudi hatua ya 2, mara nyingi utakuta sentensi yenyewe imekosewa sehemu nyingine.

## Hatua ya 5: Iliyobaki ni *there*, ila ithibitishe

Kama *they are* imekataa na *our* imekataa, ni *there*. Bado ithibitishe, maana *there* ina kazi mbili.

Ya kwanza ni mahali. Weka *here* uone: *We went _____ by ferry*, tulienda kule kwa feri. *We went here* maana imebadilika lakini muundo umesimama. Na *here* imo ndani ya *there* yenyewe, t-here, kama ilivyomo kwenye *where*. Maneno matatu ya mahali, yote yana *here* ndani.

Ya pili ni ile kuna. Hapa *here* haisaidii sana, angalia neno linalofuata: *is, are, was, were, will be, has been, have been, must be*. Ukiona mojawapo imefuata pengo na Kiswahili chake kinaanza na kuna, kulikuwa na, au kutakuwa na, andika *there*. Kosa la *Their are*, ambalo nalikuta kuliko yote, linakufa hapa kwa kanuni moja: *their* inataka kitu cha kumilikiwa kije baada yake, haiwezi kufuatwa na *are*.

Umefanikiwa kama umeweza kusema ni *there* ya pale au *there* ya kuna. Ukishindwa kutaja ni ipi, bado hujamaliza.

## Hatua ya 6: Andika herufi kwa mpangilio

Unaweza kuchagua vizuri ukaja kuharibu kwenye herufi. Yote matatu yanaanza na the, hiyo ishike kwanza, itakuondolea *thier*. Baada ya *the* ndo njia zinagawanyika:

- the + ir = *their*
- the + re = *there*
- the + y + ' + re = *they're*

Ritifaa inakaa kati ya *y* na *r*, pale *a* ilipotoka. *Theyr'e* ni kosa, *theyre* bila alama nayo ni kosa.

## Kesi moja mpaka mwisho

Tuifanye kazi nzima sasa. Hii ni aya ya aina ambayo kijana wa Lindi anayetaka kupeleka wageni Tendaguru angeiandika. Tendaguru ni kile kilima cha ndani huko Lindi ambapo Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, wapagazi wa huku wakaibeba kwa miguu mpaka bandarini Lindi. Mifupa ya yule mkubwa, Jirafatitani, imesimamishwa makumbusho ya Berlini, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mapengo nimeyapa namba:

> German scientists went (1)_____ in 1909. Local porters carried the bones to Lindi on (2)_____ heads. Today (3)_____ in a museum in Berlin. (4)_____ are people in Lindi who want them back. Every guide should know (5)_____ history, because visitors ask questions when (6)_____ walking on the hill.

Pengo la 1. Walienda kule 1909. Went they are, imekufa. Went our in 1909, imekufa. Went here, imesimama. *There*, ya pale.

Pengo la 2. Vichwani mwao. Ona hapa -ao imejificha ndani ya mwao, usiikose. They are heads: *on they are heads*, inavunjika. On our heads, safi. *Their*.

Pengo la 3. Leo ipo kwenye makumbusho. Hapa ndo watu wanagawanyika, maana kwa Kiswahili ni "ipo" na mkono unataka kwenda kwenye *there*. Mifupa imetajwa tayari? Ndiyo, sentensi iliyopita. "Leo kuna kwenye makumbusho"? Haikubali. Today they are in a museum in Berlin, imefika mpaka nukta. *They're*. Anayeandika *Today there in a museum* anaiacha sentensi bila kitenzi kabisa, na hiyo nayo ni dalili nzuri ya kuitafuta: ukiweka *there* ukakuta sentensi haina *is* wala *are* wala kitenzi kingine, umekosea.

Pengo la 4. Wapo watu Lindi wanaotaka irudishwe. Mtego wa wapo huu hapa. They are are people, *are* mbili, futa. Our are, futa. Kuna watu Lindi, inakubali, na neno linalofuata ni *are*. *There*, na kwa kuwa inaanza sentensi herufi kubwa.

Pengo la 5. Kila mtembezaji ajue historia yake. Hapa sentensi ya Kiswahili ina utata, yake ya nani, ya mtembezaji au ya mifupa? Bahati nzuri kwa upande wa tahajia haijalishi. Should know our history, imesimama. *Their*. Ila kama maana ndo inayokusumbua, andika *the history of the bones* umalize utata.

Pengo la 6. Wakati wanatembea kilimani. Neno la *-ing* linafuata, tunapunguza mwendo. When they are walking on the hill, imefika kwenye nukta. *They're*. Jaribu na *our* kwa uhakika: when our walking on the hill, inaning'inia, msomaji anabaki anasubiri kitenzi ambacho hakiji.

Kwahiyo: there, their, they're, There, their, they're.

## Hatua ya 7: Kukagua kazi ndefu kwenye kompyuta

Usiitegemee ile mistari myekundu. Kikagua tahajia kinaangalia kama neno lipo kwenye kamusi, na yote matatu yapo, kwahiyo *Their are* inaweza kupita bila mstari mwekundu. Mistari ya bluu ya sarufi inakamata baadhi na kuacha baadhi. Simu nayo itakurekebishia *thier* iwe *their* lakini haijui kama ulipaswa kuandika *there*, na wakati mwingine inakubadilishia neno ulilokuwa umepatia.

Kinachofanya kazi ni kutafuta moja moja. Bonyeza `Ctrl+F`, andika `their`, ingiza, pitia kila inapotokea na uipime kwa *our* kichwani. Ukimaliza andika `there`, kila moja ithibitishe ni ya pale au ya kuna. Mwisho `they're`, kila moja ifungue. Utakutana na *therefore* ukitafuta `there`, ipite tu, hiyo siku zote inaandikwa na *there*. Nafanya kwa mpangilio huo kwa sababu *their* ndo inayobeba makosa mengi ya watu wa huku na macho bado yana nguvu mwanzoni.

Kwenye utafutaji huohuo yatajitokeza mapacha wawili wengine wanaotamkwa sawa, *theirs* na *there's*. *Theirs* ni "ya kwao", haina ritifaa kamwe, na kipimo chake ni *ours*: *This boat is theirs*, this boat is ours. *There's* ni *there is* iliyobanwa, ifungue kama ulivyofungua *they're*: *There's a boat at the ferry*, there is a boat at the ferry.

Na kama unachokagua ni barua ya kuomba kazi au ripoti ya ofisi, kila *they're* iliyopita kipimo ifungue moja kwa moja iandikwe *they are*, vivyo hivyo *there's* iwe *there is*. Maandishi rasmi yanapenda hivyo, na wewe unabaki na maneno mawili tu ya kuchagua badala ya matatu.